Mpaka wa Jua la Idi

Abasi wa Ramazani alikuwa na sauti nzuri, na sauti hiyo ndiyo iliyomharibu. Mwenye sauti mbaya hukatizwa mapema, akajifunza kunyamaza. Mwenye sauti nzuri watu humwachia aseme mpaka mwisho, na yeye hudhani wanamwachia kwa sababu ya maneno yake. Abasi alidhani hivyo tangu utotoni, pale Rumonge, alipokuwa akisoma Kurani kwa mahadhi mpaka akina mama wakaacha kuanika ndagala, dagaa wa ziwani, ili wamsikilize.

Mwaka wa uhuru redio kule Bujumbura ilihitaji watu wa kusema Kiswahili. Waliokijua walikuwa wengi, lakini kilikuwa Kiswahili cha sokoni na cha mitumbwini, na wakubwa walitaka cha vitabuni. Abasi alikuwa amesoma, Kifaransa anacho, suti anayo moja. Akakalishwa mbele ya kipaza sauti, na kuanzia siku ile hakuna aliyeweza kumwambia kitu. Alipewa kipindi cha maarifa, kila Jumamosi jioni: kwa nini chuma hushika kutu, kwa nini radi hutangulia kuonekana kabla ya kusikika. Mambo yenyewe aliyatoa kwenye vitabu vya shule vya Kifaransa, akayageuza Kiswahili, kisha akayasema kana kwamba ameyaokota mwenyewe njiani.

Rumonge alikwenda mara chache, na alikwenda kama mkubwa anayekagua. Akishuka kwenye lori, kitu cha kwanza alitoa leso akaziba pua kwa ajili ya harufu ya samaki, harufu ileile iliyomsomesha. Watu wa kwao aliwaita wala ndagala. Aliwaita hivyo hata ofisini, mbele ya Pascasie, dada wa Kirundi aliyemchapia hotuba zake kwa mashini na kushika saa studio. Pascasie aliwahi kumuuliza yeye alipokuwa mdogo alikula nini. Abasi alijibu kwamba swali hilo halihusiani na kazi.

Sasa lazima niuseme mpaka, maana bila mpaka huu hotuba ya Abasi ingekuwa upuuzi mwingine tu wa Jumamosi.

Baba yake, mzee Ramazani, na rafiki yake Feruzi walifyeka pori pamoja juu ya barabara ya ziwani, wakapanda michikichi. Walipotaka kugawana, hawakwenda kwa chifu wala kwa mzungu wa vipimo. Walikwenda asubuhi ya Idi, ile ya baada ya mfungo, kabla ya sala, wakasimama kwenye jiwe kubwa kando ya barabara, migongo ziwani, nyuso milimani. Jua lilipochomoza walinyoosha mkono. Kutoka kwenye jiwe mpaka jua linapotoka, hapo ndipo mpaka. Upande wa Minago, kaskazini, wa Ramazani; upande wa Nyanza-Lac, kusini, wa Feruzi. Wakashika msahafu, wakaapa kwamba kila Idi watasimama pale na kuusoma upya mpaka wao kwa jua la Idi, wao na watoto wao. Mwalimu Hamissi wa chuo cha Kurani, wakati huo bado kijana, alikuwa shahidi.

Wajinga! Wala si kwamba hawakulijua jua. Mtu yeyote wa Rumonge anajua kwamba wakati wa kiangazi jua hutokea kwa upande wa Minago na wakati wa mvua hutokea kwa upande wa Nyanza-Lac. Na mtu yeyote wa Rumonge anajua kwamba Idi haikai mahali pamoja. Inafuata mwezi, kila mwaka inatangulia kidogo, leo inaliwa na vumbi, baada ya miaka inaliwa na matope. Mambo haya mawili waliyajua kama wanavyojua majina ya wake zao. Kuyaweka pamoja ndiko kuliwashinda. Kwao Idi ni siku moja, basi na jua la Idi ni jua moja.

Kilichotokea ni kwamba mpaka ulianza kutembea. Miaka ya kwanza ulisogea kidogo sana, hakuna aliyeona. Kisha ukashika mwendo. Kila Idi jua lilitokea zaidi kwa upande wa Nyanza-Lac, na kila Idi Ramazani aling'oa vigingi vyake akavichimbia ndani zaidi ya shamba la mwenzake, huku anasema, "Mungu ndiye anayepima." Mwaka wa uhuru mpaka ulikuwa umekwisha kuvuka katikati. Feruzi alikwisha kufa. Mjane wake, Mwanvua, alisimama kwenye jiwe kila Idi akiwa amejifunga kanga mbili, akaona michikichi ya mumewe ikihama safu kwa safu, na hakusema neno kwa sababu kiapo ni kiapo. Mwalimu Hamissi naye aliona. Aliogopa kugusa jambo lililoshikiwa msahafu, basi akauita woga wake heshima. Sharifa, dada mkubwa wa Abasi, alijenga nyumba ya matofali kwenye ardhi iliyoletwa na jua, akaweka na pipa la kukamulia mawese mlangoni, akawa anawaambia watu kwamba Mungu huwapa wanaofanya kazi.

Ramazani alikufa baada ya Idi moja iliyoangukia mwezi wa Desemba, jua likiwa limekwenda mbali kabisa kusini. Alikufa ameridhika. Ndipo jua likageuka.

Idi iliyofuata lilirudi kiasi cha unyayo. Iliyofuata tena likarudi zaidi. Idi ya mwaka sabini na moja ilikuwa mwezi wa Novemba, na safari hii Mwanvua alinyoosha mkono wake mkavu, akaonyesha, na safu nzima ya michikichi ya Sharifa ikawa upande wake. Asubuhi iliyofuata alikata mikungu yote iliyoiva.

Sharifa alipanda lori la kwanza kwenda Bujumbura. Aliingia redioni na kikapu cha ndagala mkononi, akamkuta mdogo wake amekaa na Pascasie wanapanga vipindi.

"Abasi! Jua iko inarudi nyuma!" alilia hata kabla ya kukaa. "Mama Mwanvua iko inaivuta! Anafunga Jumatatu, anafunga Alhamisi, anaomba usiku muzima. Mwaka huu ameshakula safu. Mwaka kesho atakula ingine. Nitakamua nini, mimi? Mawe?"

"Amahoro, mama," Pascasie alimsalimu, akamsogezea kiti.

"Amahoro, mutoto wangu. Murakoze." Sharifa alishukuru, akakaa, akamgeukia tena ndugu yake. "Wewe unasemaga na watu wote kwa redio. Waambie. Waambie jua ya baba, ile ya mwisho, ndiyo ya kweli. Sitaki kingine."

Abasi alikisukuma kikapu kwa ncha ya kiatu, mbali na karatasi zake. Ndani ya kifua alikuwa anafurahi. Kwa miaka alikuwa akitafuta nafasi ya kuwafundisha wala ndagala adabu, na sasa walikuwa wamemletea wenyewe: mji mzima unaamini kwamba ajuza anaweza kulivuta jua kwa dua.

"Yaya," alimwambia dada yake mkubwa kwa ile sauti yake ya Jumamosi, "jua halivutwi. Jua lina kanuni. Nitawaeleza kanuni, na watakaponielewa wataona aibu hata kupita mbele ya nyumba yako."

"Kwa hiyo safu yangu itarudi?"

"Itarudi. Jua lina mwisho wake wa safari, na mpaka wa baba ulifika kwenye mwisho huo. Mwisho ni mwisho."

Hakumuuliza dada yake baba yao aliapa mwezi gani. Lilikuwa swali la mtoto wa darasa la tatu, na Abasi hakuwa mtu wa kuuliza maswali ya watoto.

Aliandika kwa juma zima, na haki ya mtu apewe: aliandika vizuri. Hotuba ile ilikuwa ya kweli kuanzia juu mpaka chini. Kama ingekuwa ya uongo angesalimika.

Pascasie aliichapa. Walipofanya majaribio studio, Abasi alisoma hivi, mkono mmoja ukipima hewa:

"Wasikilizaji, chukueni limau, mlichome kijiti katikati, kitokeze juu na chini. Wekeni taa katikati ya meza. Taa ni jua, limau ni dunia yetu. Sasa inamisheni kijiti kidogo, kichwa chake kielekee, tuseme, mlangoni. Lizungusheni limau kuizunguka taa. Mzunguko mmoja ni mwaka mmoja. Lakini angalieni sana: kijiti kisiyumbe. Popote limau lilipo, kichwa cha kijiti kiendelee kuelekea mlangoni. Hapo wengi hukosea, kwa sababu wengi hawakuzoea kuangalia.

"Mtaona nini? Likiwa upande mmoja wa taa, kichwa cha juu cha limau kimeinamia taa. Huo ndio mwezi wa Juni. Likiwa upande wa pili, kichwa kilekile, bila kuyumba, sasa kimeipa taa kisogo, na ni kichwa cha chini kinachoinamia. Huo ni Desemba. Ndiyo maana mwezi wa Juni jua huchomoza kaskazini ya mashariki, na mwezi wa Desemba kusini ya mashariki. Katikati ya safari, mwezi wa Machi na wa Septemba, hakuna kichwa kinachoinamia, na jua huchomoza mashariki kamili. Jua halikuhama. Tuliohama ni sisi.

"Na mwendo wa machomozo haya si sawa mwaka mzima. Katikati, Machi na Septemba, yanakimbia. Kesho si pa leo. Kwenye ncha mbili, Juni na Desemba, yanakawia. Siku nyingi unaweza kuona kama jua limesimama, kisha linaanza kurudi polepole. Halirudishwi na dua ya mtu. Linarudi kwa sababu limefika mwisho."

Hapo alitua, akamtazama Pascasie kupitia kioo cha studio, akingoja sifa.

"Iko nzuri, Musyo Abasi," Pascasie alisema. "Lakini ni fupi. Muda utabaki."

"Weka muziki."

"Wiki iliyopita uliniambia muziki ni wa walevi."

Kweli alikuwa amesema hivyo. Abasi akafungua tena kitabu chake cha Kifaransa akitafuta kipambo cha kujazia. Akakipata mwishoni mwa sura, kwa herufi ndogo, akakigeuza palepale:

"Na kwa wale wenye akili ya kupenda mambo ya ajabu, nitawapa moja. Jua la Desemba likizama, huzama kusini ya magharibi, kwa kiasi kilekile ambacho jua la Juni huchomoza kaskazini ya mashariki. Pande hizi mbili zinatazamana uso kwa uso. Basi mtu akisimika mti wima mwezi wa Desemba, jua linapozama, kivuli cha mti ule kitanyooka na kuonyesha mahali jua litakapochomoza mwezi wa Juni."

"Hiyo ni nzuri sana," Pascasie alisema, na safari hii alisema kwa moyo.

"Hawataielewa," Abasi alijibu. "Lakini muda utajaa."

Jumamosi ilipofika, Rumonge nzima ilikuwa tayari. Sharifa alikuwa amepita mlango kwa mlango akitangaza kwamba mdogo wake atamfunga Mwanvua mdomo kwa redio. Watu walijazana kwenye baraza ya Mwalimu Hamissi, ambaye redio yake ilikuwa kubwa kuliko za wengine. Mwanvua mwenyewe alikuja, akakaa mbele. Kabla ya kuianza hotuba yenyewe, Abasi aliongeza maneno ambayo hayakuwa kwenye karatasi ya Pascasie: kwamba uko mji mmoja kando ya ziwa, hatautaja, ambako watu wazima wenye mvi hufikiri jua ni mbuzi wa kufungwa kamba na ajuza. Pale barazani watu walitazama chini. Wengine walimtazama Mwanvua.

Kisha wakasikiliza. Hamissi aliagiza limau na taa ya mafuta. Waliinamisha kijiti, wakakielekeza kwenye mlango wa chuo, wakazunguka, wakagombana, wakaanza tena. Mwishowe kijiti kikakaa bila kuyumba. Walipofika kwenye Juni, Mwalimu Hamissi alilishika limau hewani akabaki amesimama hivyo, mdomo wazi. Kwa mtu aliyekaa miaka yote hiyo amefumba macho kwa makusudi, ilimchukua muda kuyafumbua.

"Idi ile," alisema. "Idi ya kiapo. Tulikula na vumbi."

"Maharage yalikuwa yanaanikwa," Mwanvua alisema. "Mume wangu alikohoa vumbi siku nzima. Ilikuwa kiangazi katikati."

"Juni," Hamissi alisema, akalitua limau. "Basi jua la kiapo ni la Juni, na mpaka ni pale lilipotoka siku ile."

Abasi aliwasili kwa lori wiki chache baadaye, mwaka sabini na mbili ukiwa ndiyo kwanza umeingia. Alikuja kupokea shukrani. Alivaa suti, leso mfukoni tayari. Alipoona watu wamesimama kwenye jiwe la barabarani alidhani wamekuja kumlaki, akapunga mkono.

Walikuwa wamesimika mti wima juu ya jiwe. Hamissi alikuwa na bunda la kamba ya nyavu. Mvua ilikuwa imenyesha mchana na sasa mbingu upande wa ziwa ilikuwa safi, jua likishukia milima ya Kongo, mbali kushoto.

"Karibu, Bwana Abasi," Hamissi alimsalimu kwa heshima kubwa mno. "Tumekungojea. Ulisema Desemba, na leo ni Januari, lakini ulisema pia linakawia kwenye ncha. Tumeangalia jioni zote hizi. Ni kweli, limekaa palepale, kama ulivyosema."

Abasi alitazama mti. Akatazama kivuli. Kivuli kilikuwa kirefu, kimepita barabara, kinapanda kati ya michikichi, na hakikuelekea kwenye vigingi vya baba yake wala karibu navyo. Kilielekea kushoto, upande wa Minago, kikapita mbele ya mlango wa nyumba ya matofali ya Sharifa. Nyumba ilikuwa upande wa Mwanvua. Pipa la mawese upande wa Mwanvua. Michikichi ile yote, kuanzia pale mpaka vigingini, ambayo Sharifa aliikamua miaka yote na kujisifu, ilikuwa upande wa Mwanvua.

Ndipo Abasi akauliza lile swali la mtoto wa darasa la tatu.

"Baba aliapa mwezi gani?"

"Juni," watu walijibu kwa pamoja. Hata watoto walijua.

Mtu mwenye heshima angevua koti pale, akasema, jamani, ni kweli, nilifundisha mwenyewe. Abasi alitoa leso akajipangusa shingo. Alianza kwa kusema kwamba hotuba ya redio si amri ya hakimu. Halafu akasema kwamba kanuni ile imeandikwa Ulaya, na huenda huku kwetu jua linafanya vingine.

"Lakini sisi tumeliona," Hamissi alisema kwa upole. "Limekaa palepale. Limau nalo halina Ulaya."

Watu wakacheka. Abasi alihisi masikio yanawaka, na katika kuwaka huko akasema neno ambalo ningependa kumsitiria, ila yeye mwenyewe alilisema kwa sauti nzuri, kila mtu akalisikia:

"Mambo ya kivuli si yangu. Ni yule dactylo, Pascasie, alikosea kuchapa. Mimi nilisoma tu kilichoandikwa."

Kicheko kilikatika. Mwanvua, aliyesimama kando ya jiwe, alitema mate pembeni, polepole, kama mtu anayetoa mfupa wa samaki.

"Miaka hii yote baba yako alinichukulia michikichi yangu," alisema, "na mimi nilimuheshimu. Aliamini. Alisimama hapa na macho yake, akaona jua, akaamini. Wewe hata hiyo huna."

Abasi alimgeukia dada yake. Hakika alitegemea kwamba Sharifa atamtetea, kwa kuwa michikichi ile haikuwa neno la vitabuni kwake. Ilikuwa mawese, chumvi, na nguo za watoto. Kama yupo mtu wa kutaka hotuba ile iwe ya uongo, alikuwa ni Sharifa.

Sharifa alikuwa anatazama nyumba yake. Aliitazama kitambo, mlango, pipa, paa la bati. Kisha akamtazama Abasi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona kitu kichafu kwenye sahani aliyowakaribishia wageni.

"Nimepita nyumba zote," alisema. "Nyumba zote, Abasi. Nikasema, mudogo wangu iko anajua jua. Nikasema, musikilize, hakuna mutu Rumonge anajua kama yeye. Sasa ulisema kweli ao ulisema bongo, uongo tu?"

"Yaya, wewe hufahamu. Ukikubali, nyumba yako..."

"Sikuuliza nyumba. Nyumba naiona."

Kivuli kilizidi kurefuka na kufifia. Jua lilikuwa limegusa mlima. Hamissi alisema kwamba likizama itabidi wangoje kesho, na kesho huenda kukawa na mawingu. Abasi aliona nafasi ya kuponea, akafungua kinywa aseme ndiyo, wangoje, wangoje mpaka kiangazi, mpaka Juni yenyewe, waite na mtu wa serikali wa vipimo.

Sharifa hakumpa muda. Alichukua kamba kutoka mikononi mwa Hamissi, akafunga ncha yake kwenye mti juu ya jiwe, akaanza kupanda kati ya michikichi, anafuata kivuli, mguu mmoja huku na mguu mmoja huku, anaitandaza nyuma yake. Alipita mbele ya mlango wake mwenyewe bila kusimama. Alipofika mahali kivuli kilipokuwa kinakwisha, alivuta kamba mpaka ikanyooka, akaita apewe kigingi na jiwe la kupigia.

Hakuna aliyesogea. Halikuwa jambo la kumsaidia mtu kulifanya, kujitoa kwenye ardhi yake. Mwanvua mwenyewe aliangalia kando.

"Abasi," Sharifa aliita. "Lete."

Alipanda. Viatu vyake vya mjini viliteleza kwenye matope, suti ikanaswa na makuti ya michikichi, na leso ikaanguka asijue. Alimpa kigingi na jiwe. Bado alikuwa na sauti yake, na alidhani bado inafaa kitu.

"Yaya," alisema chini chini, ile ya Jumamosi, "tunaweza kusema kivuli kiliishia kule zaidi, karibu na..."

"Kishike," Sharifa alisema, ameinua jiwe. "Kishike na mikono mbili. Kisilale."

Abasi alipiga magoti kwenye matope, akakishika.